Mteremko na mkato wa mstari kutoka nukta mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa skuli za sekondari Unguja na Pemba, na wa wazazi, kaka na dada wanaokaa nao jioni karatasi ya mazoezi ikiwa mezani. Maswali ni yale yanayorudi kila mara tuisheni tukifika kwenye nukta mbili. Sehemu kubwa inahusu uhakiki, kwa sababu wanafunzi wengi wanajua kutafuta jibu lakini hawajui kulipima, na wengine wanalipima kwa njia ambayo haiwezi kugundua kosa hata likiwa kubwa.

Kwa ufupi wa maneno: mlinganyo wa mstari tunauandika y = mx + c. Herufi m ni mteremko. Herufi c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y, nami hapa nitaiita mkato.

Karatasi inanipa nukta mbili tu, A(−3, 5) na B(6, −1). Naanzia wapi?

Anza kwa kuziandika nukta zako kwenye mstari wake, kubwa na wazi, kila namba na alama yake. Namba ya kwanza ndani ya mabano ni x, ya pili ni y. Usifanye hesabu yoyote kabla ya hapo. Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na kutojua kanuni. Mwanafunzi anavuta namba moja kwa moja kutoka kwenye swali, na alama ya hasi inabaki njiani.

Mteremko ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x. Chukua B utoe A, juu na chini:

```
m = (−1 − 5) / (6 − (−3))
m = −6 / 9
m = −2/3
```

Kabla hujaendelea, isome namba uliyopata. Hasi inasema mstari unashuka ukienda kulia. Tazama nukta zako: kutoka A kwenda B x imekua kutoka −3 hadi 6, na y imepungua kutoka 5 hadi −1. Kweli unashuka. Kuangalia huku ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kunakuokoa usibebe m mbaya mpaka mwisho wa swali.

Lazima nianze na B? Rafiki yangu ameanza na A.

Mnaweza kuanza na yoyote, mradi uliyoanza nayo juu ndiyo uliyoanza nayo chini. Rafiki yako atapata 5 − (−1) = 6 juu, na −3 − 6 = −9 chini. Sita kwa hasi tisa ni ileile −2/3. Alama zote mbili zimegeuka, kwa hiyo jibu limebaki palepale.

Kisichokubalika ni kuanza na B juu halafu A chini. Hapo alama moja tu inageuka, na mstari unaoshuka utaonekana unapanda.

Hapo kwenye 6 − (−3) napata 3, mwalimu anapata 9. Kwa nini?

Hesabu kwenye mhimili wa x, kwa kidole ukitaka. Kutoka −3 hadi 0 ni hatua tatu, kutoka 0 hadi 6 ni hatua sita. Jumla tisa. Nukta mbili zilizo pande mbili za sifuri haziwezi kuwa karibu kuliko nukta moja ilivyo na sifuri, kwa hiyo ukiona umepata 3 jua kuna hasi iliyopotea.

Dawa yake ni mabano. Kila namba hasi unayoiingiza kwenye kanuni iwekee mabano yake, hata kama unaona unaweza kufanya kichwani. Namsisitizia hili kila mwanafunzi na sitaacha: andika 6 − (−3), usiandike 6 − −3, wala usiruke moja kwa moja kwenye jibu.

Nimeshapata m. Sasa c naipataje?

Chukua nukta moja, yoyote ile, uiingize kwenye y = mx + c pamoja na m uliyopata. Kilichobaki kutojulikana ni c peke yake. Kwa nukta A:

```
5 = (−2/3)(−3) + c
5 = 2 + c
c = 3
```

Hasi mara hasi imekuwa chanya, ndiyo maana tumepata 2 na si −2. Mlinganyo ni y = −2/3 x + 3.

Chagua nukta yenye hesabu nyepesi. Hapa zote mbili ni nyepesi kwa sababu −3 na 6 zinagawanyika kwa 3. Na ikiwa nukta mojawapo ina x = 0, kwa mfano (0, 3), huna haja ya kutafuta chochote: namba ya y hapo ndiyo c. Lakini ni pale tu x ikiwa sifuri. Wapo wanaochukua y ya nukta ya kwanza waliyopewa na kuiita c, kana kwamba kila mstari unaanzia kwenye nukta ya kwanza ya swali. Nukta A ipo kwenye x = −3, haiko kwenye mhimili wa y, kwa hiyo 5 si mkato.

Nimehakiki kwa nukta A na imekubali. Kwa nini jibu langu limekosolewa?

Hili ndilo swali ninalotaka kila msomaji alisome mara mbili.

Tuseme ulifanya kosa lile la hasi, ukapata 3 badala ya 9, na m ikawa −6/3, yaani −2. Ukaingiza nukta A kutafuta c: 5 = (−2)(−3) + c, yaani 5 = 6 + c, c = −1. Mlinganyo wako ni y = −2x − 1. Sasa unahakiki kwa nukta A: (−2)(−3) − 1 = 6 − 1 = 5. Imekubali kabisa! Na jibu ni kosa.

Sababu ni kwamba c uliitafuta kwa kuilazimisha nukta A ikubali. Hata ungechukua m yoyote ile, mia moja ukitaka, c ingejirekebisha ili mstari upite A. Kupitia A unaweza kuchora mistari isiyo na idadi, na kila mmoja una mteremko wake. Ukihakiki kwa nukta ileile iliyokupa c, unapima tu kama hukukosea kujumlisha na kutoa kwenye ile hatua ya c. Mteremko haujaguswa.

Kwa hiyo hakiki kwa nukta nyingine, ile ambayo hukuitumia kutafuta c. Kwa mlinganyo wetu sahihi, weka x = 6: (−2/3)(6) + 3 = −4 + 3 = −1. Ndiyo y ya B. Kwa ule mlinganyo wa kosa: (−2)(6) − 1 = −13. B inasema −1. Kosa limejitokeza lenyewe.

Kwenye karatasi andika uhakiki huo kwa kutaja nukta: "Kutafuta c: A. Kuhakiki: B." Mwalimu anayesahihisha ataona, nawe mwenyewe hutajidanganya.

Uhakiki umekataa. Nifute yote nianze upya?

Usifute. Pengo lenyewe linakuonyesha kosa liko wapi. Fanya hivi: ingiza nukta zote mbili kwenye mlinganyo wako, na kwa kila moja chukua y ya karatasi utoe y iliyotoka kwenye mlinganyo. Hiyo tofauti ndiyo pengo.

Nukta moja ikikubali na nyingine ikakataa, mteremko ndio mbaya. Huo ndio mfano wa juu: A pengo lake ni 0, B pengo lake ni −1 − (−13) = 12. Rudi kwenye hatua ya m, hasa kwenye ile sehemu ya chini. Na ukitaka kuthibitisha kwamba umelielewa kosa, gawa pengo 12 kwa umbali wa x kati ya A na B, ambao ni 9. Unapata 4/3. Jumlisha kwenye m yako: −2 + 4/3 = −2/3. Huo ndio mteremko sahihi. Pengo linakua kadiri unavyoondoka A, kwa sababu mstari wako una ukali tofauti na ule wa kweli, na kila hatua moja ya x inaongeza kosa lilelile.

Nukta zote mbili zikikataa kwa pengo lililo sawa, mteremko ni mzuri na c ndiyo mbaya. Mfano: m yako ni −2/3, sahihi, lakini kwenye hatua ya c ukaandika 5 = −2 + c kwa kusahau kuwa hasi mara hasi ni chanya. Ukapata c = 7. Kwa A mlinganyo unatoa 2 + 7 = 9, na pengo ni 5 − 9 = −4. Kwa B unatoa −4 + 7 = 3, na pengo ni −1 − 3 = −4. Yamelingana. Mstari wako uko sambamba na wa kweli, umepanda tu juu kwa vizio 4. Shusha c kwa 4, unapata 3.

Zote mbili zikikataa kwa mapengo tofauti, umekosea m, na c nayo haikuokoka. Hapo anza na m, ukishairekebisha tafuta c upya.

Haya ni ya kukuonyesha mahali. Kwenye karatasi usiandike "m = −2 + 4/3", kwani msahihishaji hatakuelewa. Rudi kwenye hatua yenye kosa, ikate kwa mstari mmoja, uandike iliyo sahihi chini yake.

Kwa hiyo nukta zote mbili zikikubali, jibu ni sahihi bila shaka?

Ni sahihi kwa nukta ulizoziandika. Kama ulizinakili vibaya, uhakiki utakubali kosa lako bila kuguna.

Kosa linalojificha sana ni kugeuza x na y kwa nukta zote mbili. Mwanafunzi anaandika A(5, −3) na B(−1, 6). Anapata m = 9/(−6) = −3/2, anapata c = 4.5, anahakiki kwa nukta zake, zote zinakubali, kwa sababu mstari huo kweli unapita kwenye nukta alizoziandika. Sizo za swali tu.

Kwa hiyo unapohakiki, rudisha macho kwenye karatasi ya swali, usisome kutoka kwenye daftari lako. Ziba kazi yako kwa mkono kama inabidi.

Mteremko umekuja 2/3. Niandike 0.67?

Hapana. Acha sehemu ibaki sehemu. Chukua nukta (1, 2) na (4, 4). Mteremko ni 2/3, na c = 2 − 2/3 = 4/3. Hakiki kwa nukta ya pili: (2/3)(4) + 4/3 = 8/3 + 4/3 = 12/3 = 4. Imekaa sawasawa.

Ukitumia 0.67, c inakuwa 1.33, na uhakiki unatoa 2.68 + 1.33 = 4.01. Sasa huna uhakika: hiyo 0.01 imetokana na kukadiria, au kuna kosa dogo mahali? Uhakiki umekosa nguvu yake. Desimali zinazokoma, kama 0.5 au 1.25, hazina ubaya huo, ingawa mimi binafsi napenda sehemu hata hapo.

Jibu la nyuma ya karatasi ni 2x + 3y = 9. Langu ni y = −2/3 x + 3. Nimekosa?

Hujakosa, ni mstari uleule. Zidisha kila kipande cha mlinganyo wako kwa 3 ili sehemu iondoke: 3y = −2x + 9. Hamisha −2x upande wa pili ibadilike alama: 2x + 3y = 9. Angalia tu kwamba umezidisha kila kipande. Wengi wanazidisha y na ile sehemu, halafu wanaiacha 3 bila kuigusa, wanapata 2x + 3y = 3, na mstari unashuka chini kwa vizio viwili.

Umbo hili bila sehemu ni zuri sana kwa kuhakiki. A: 2(−3) + 3(5) = −6 + 15 = 9. B: 2(6) + 3(−1) = 12 − 3 = 9. Hakuna cha kugawa.

Ukikuta jibu kama 4x + 6y − 18 = 0, usishtuke. Gawa kote kwa 2 na utaona ni lilelile. Njia ya haraka ya kulinganisha majibu mawili yenye sura tofauti ni kuuliza kila moja linakata wapi mihimili. Weka x = 0, unapata y = 3. Weka y = 0, unapata x = 4.5. Milinganyo miwili ikikata mihimili mahali pamoja ni mstari mmoja. (Isipokuwa mstari ukipita kwenye kitovu, ambapo mikato yote ni sifuri na haikwambii kitu. Hapo linganisha mteremko.) Lakini soma maagizo ya swali: likisema andika kwa umbo la y = mx + c, liandike hivyo hata kama umbo jingine unalipenda zaidi.

Grafu inaweza kunisaidia kuhakiki bila hesabu?

Ndiyo, na kwa swali hili inapendeza. Weka ncha ya penseli kwenye A(−3, 5). Mteremko −2/3 unasema: nenda kulia 3, shuka 2. Unafika (0, 3), na hapo umesimama kwenye mhimili wa y, palepale c ilipo. Kulia 3, shuka 2 tena: (3, 1). Tena: (6, −1), ndiyo B. Kwa hatua tatu umehakiki mteremko na mkato kwa pamoja.

Shika jambo moja: hesabu vizio vya mhimili, usihesabu miraba ya karatasi. Kama kwenye x mraba mmoja ni kizio 1 na kwenye y mraba mmoja ni vizio 2, kushuka vizio 2 ni mraba mmoja tu. Mwanafunzi aliyehesabu miraba atapata mteremko −1/3 kutoka kwenye grafu iliyochorwa vizuri kabisa, halafu atakwenda kuharibu hesabu yake iliyokuwa sahihi. Kwa skeli hiyo mstari pia utaonekana umelala zaidi, na macho yatakudanganya.

Nukta ni (4, −2) na (4, 7). Chini napata sifuri. Nifanyeje?

Juu ni 9, chini ni 0, na hakuna kugawa kwa sifuri. Mstari ni wima, hauna mteremko, na haukati mhimili wa y. Umbo la y = mx + c haliufai. Mlinganyo wake ni x = 4, basi. Usiandike m = 0.

Mteremko sifuri ni wa mstari uliolala, kama ule wa (−1, 5) na (3, 5). Hapo juu ndiyo sifuri, na mlinganyo ni y = 5.

Maswali ya maneno yananichanganya. Nukta ziko wapi?

Zimefichwa kwenye jozi za namba. Tuchukue swali la kutunga. Pampu ndogo inavuta maji kutoka kwenye tangi la nyumba moja Wete kumwagilia mchicha. Baada ya saa 2 zimebaki lita 340. Baada ya saa 5 zimebaki lita 250. Tafuta mlinganyo, useme tangi lilikuwa na lita ngapi mwanzoni.

Jiulize kipi kinategemea kipi. Maji yaliyobaki yanategemea muda uliopita, kwa hiyo muda ni x na lita ni y. Nukta ni (2, 340) na (5, 250). Mteremko: (250 − 340)/(5 − 2) = −90/3 = −30. Kizio chake usikiache: ni lita 30 kwa saa, na hasi inasema zinapungua. Kisha c: 340 = −30(2) + c, c = 400. Hakiki kwa ile nukta ya pili: −30(5) + 400 = 250. Sawa.

Sasa c imepata maana. Ni lita zilizokuwemo muda ukiwa sifuri, pampu inawashwa: 400. Wanafunzi wengi wanajibu 340 kwa sababu ndiyo namba ya kwanza kutajwa. Ni lile lile kosa la kuchukua y ya nukta ya kwanza kuwa mkato, limevaa maneno.

Mstari huu una mwisho wake pia. Lita zinakuwa sifuri pale 30x = 400, yaani baada ya saa 13 na dakika 20. Ukiingiza x = 15 mlinganyo utakupa lita −50, jibu ambalo hakuna tangi linaloweza kulitoa. Nami nimetaja pampu kwa makusudi. Maji yakitoka yenyewe kwa bomba lililo chini ya tangi, yanatoka kwa kasi tangi likiwa limejaa na kwa unyonge likikaribia kwisha, na hapo mstari ulionyooka hauelezi sawasawa.

Naweza kutumia nukta mbili kujua maji ya bahari yatakuwa kina gani baadaye?

Hapa mstari utakuangusha, na ni vizuri kujua kwa nini. Tuseme umepima kwenye nguzo ya gati maji yakiwa yanajaa. Saa 1 asubuhi kina ni mita 0.8, saa 4 asubuhi ni mita 2.3. Ukihesabu saa tangu kipimo cha kwanza, nukta ni (0, 0.8) na (3, 2.3), mlinganyo ni y = 0.5x + 0.8, na uhakiki unakubali: 0.5(3) + 0.8 = 2.3.

Lakini ingiza x = 10, na mlinganyo unakwambia mita 5.8. Kila mtu wa pwani anajua kuwa kufika wakati huo maji yameshajaa, yamegeuka na yanakupwa. Kujaa huchukua kama saa 6 hivi. Hata ndani ya saa hizo maji hayapandi kwa mwendo mmoja: mwanzoni polepole, katikati kwa kasi, karibu na kujaa polepole tena.

Nukta mbili zenye x tofauti daima zitakupa mstari, hata kitu unachokipima kikiwa hakiendi kwa mstari. Uhakiki wa nukta ya pili unapima hesabu yako, haupimi kama mstari unafaa. Kwa hilo unahitaji kipimo cha tatu. Ungepima tena x = 5, mstari unatabiri mita 3.3. Maji yakiwa chini ya hapo kwa kiasi cha kuonekana, unajua mwendo si wa mstari. Kwenye karatasi ya mazoezi ni hivyo hivyo: wakikupa jedwali la nukta tatu au nne na kuuliza kama ziko kwenye mstari mmoja, tafuta mlinganyo kwa mbili, halafu ingiza zilizobaki moja moja.

Mimi ni mzazi. Nawezaje kumtungia mwanangu maswali yenye majibu yasiyo na namba za ajabu?

Anzia mwisho. Chagua m na c kwanza, nukta baadaye. Ukiwa na m yenye sehemu, chagua x zinazogawanyika kwa namba ya chini ya sehemu hiyo, moja hasi na moja chanya, ili mtoto akutane na ile hatua ya kutoa hasi.

Tuseme umechagua m = 3/4 na c = −2. Chukua x = −4: y = −3 − 2 = −5. Chukua x = 8: y = 6 − 2 = 4. Mpe nukta (−4, −5) na (8, 4), na jibu libaki kwako. Akikuletea m = 9/4, ujue chini ametoa 8 − 4 badala ya 8 − (−4). Akikuletea m = −1/12, juu amefanya 4 − 5. Na akikuletea m sahihi lakini c = −8, kwenye hatua ya c amesahau kuwa 3/4 mara −4 ni −3. Muombe aingize nukta zote mbili mbele yako, aone mwenyewe kwamba mapengo yote mawili ni 6.